Barua pepe ya kushangilia mauzo: taja kila mtu na kazi yake



Masomo yaliyotangulia yalikuwa juu ya shamba na depo. Somo la safari hii ni juu ya barua moja tu, ile ushirika unaandika kisha kazi kuenda vizuri. Mpunga umeuzwa, kila mukulima amepata franga zake, na prezida ao sekreteri anashika simu na kutuma barua pepe kwa shirika linalowasaidia, kwa inspeksyo ya kilimo na kwa vyama vingine. Barua nyingi za namna hiyo zinafanana. Zinasema hivi:

«Tuko na furaha kubwa kuwajulisha kwamba mauzo yalienda muzuri sana. Tunashukuru memba wote kwa kujitoa kwao, na wale wote ambao, kwa karibu ao kwa mbali, wametusaidia. Umoja ni nguvu. Tuendelee hivyo.»

Hakuna uongo ndani yake. Lakini jaribu kuisoma kama mutu aliye Kindu ambaye hakuona kazi. Je, atajua nini kilifanya mpunga wenu usirudishwe? Hapana. Atajua nani aende kufundisha kijiji kingine namna ya kukausha? Hapana. Atajua jina moja tu, la yule aliyetia sahihi chini ya barua. Na kule nyumbani, mama aliyeinama juu ya shitingi siku nne akigeuza mpunga atasikia barua ikisomwa, atangoja jina lake, na hatalisikia. Ndani ya «memba wote» yeye yuko sawa na mutu ambaye hakufika hata siku moja.

Njo maana somo hili linasema jambo moja: barua ya kushangilia ni hesabu ya kazi. Inaonyesha ni kitendo gani cha nani kilileta faida gani. Ikiandikwa vile, mutu anapata heshima yake, na ujuzi wake unabaki ndani ya ushirika hata kama yeye mwenyewe atahama ao atagonjwa.

Kwanza daftari, halafu simu

Kosa la kwanza linatokea mbele ya kuandika. Sekreteri anakaa peke yake na simu yake, anatafuta maneno matamu, na majina yanayomjia ni ya wale aliowaona kwa macho yake: prezida, mweka-hazina, dereva wa kamio. Wale waliofanya kazi kule kijijini ao usiku katika depo hawamjii. Hana ubaya nao. Hakuwako tu.

Basi, usianze na simu. Anza na daftari ya kupokea mpunga. Kama daftari yenu iko na tarehe, namba ya gunia, jina la mwenye gunia, uzito, na jina la aliyepima, majina mengi yako tayari mule. Tazama hasa pahali ambapo kitu kilibadilika: gunia lililorudishwa, uzito uliosahihishwa, siku ambayo kamio ilichelewa. Pahali pale kuko mutu aliyefanya kitu.

Halafu uliza. Zungukia wale watano ao sita waliosimamia kazi, na umuulize kila mumoja maulizo mawili. La kwanza: «Wewe ulifanya nini?» La pili ndilo lenye faida zaidi: «Ni nani mwengine, bila yeye, kazi yako isingeweza kuenda?» Kwa ulizo la kwanza watu wengi watasema kidogo, maana kujisifu ni haya. Kwa ulizo la pili watafungua kinywa. Mwenye kupima atasema juu ya wale waliopepeta, na mwenye kupakia atasema juu ya kijana aliyekata miti. Saa moja inatosha kwa kazi hiyo.

Sentensi yenye mafungu matatu

Kila mutu unayemtaja apate sentensi moja ao mbili zenye mafungu matatu: jina lake, kitendo alichofanya pamoja na kipimo chake, na kile kilichobadilika juu ya kitendo hicho. Tazama tofauti.

«Mama A. alifanya kazi kwa bidii na moyo.» Hapa jina liko, lakini kitendo hakiko. Bidii haionekani kwa macho wala haifundishiki.

«Mama A. alipima ukavu wa magunia yote.» Hapa kitendo kimeingia. Ni bora, lakini musomaji wa mbali hajui kama ilisaidia.

«Mama A. alipima ukavu wa magunia yote 120 kwa chupa na chumvi. Alikuta 14 yangali mabichi na akayarudisha kwenye shitingi, na juu ya hiyo hakuna gunia lililooza katika depo.» Sasa mafungu matatu yako yote. Mutu wa Kindu ameelewa, na mutu wa kijiji cha pili anaweza kuja kumuuliza Mama A. namna ya kufanya.

Fungu la tatu ndilo watu wanasahau. Ukitaka kulipata, jiulize: kama huyu hangefanya hivi, tungepoteza nini? Kama hupati jibu, huenda umetaja cheo chake tu na si kazi yake. Kuwa prezida si kitendo. Kuzungukia wanunuzi watatu na kulinganisha bei ni kitendo.

Lakini usiongeze chumvi. Kama hujui kilo ngapi ziliokoka, sema tu kile kinachojulikana. Hesabu moja ya uongo ikigunduliwa, barua yote itachekwa, na pia yule uliyetaka kumuheshimu.

Mfano kamili

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini kazi zilizomo ni zile munazozijua. Tuseme ushirika umekusanya mpunga wa msimu A kutoka vijiji vine, umeutia katika depo, umeupeleka Kindu kwa kamio, na mununuzi amepokea magunia yote. Majina tumeyaweka kwa herufi moja. Ninyi mutaandika jina kamili kama liko katika kitabu cha wanachama, maana Mama Furaha wanaweza kuwa watano, na wa kwanza kusikia jina hilo wote watano watajiuliza ni nani.

Objet: Magunia 120 ya mpunga yamepokelewa yote Kindu: nani alifanya nini

«Kwa Agronomu wa shirika, kwa Inspeksyo ya kilimo, na kwa ndugu zetu wa vyama vya jirani,

Wakubwa wetu na ndugu zetu, tunawasalimu. Magunia 120 ya mpunga wa msimu A yamefika Kindu na mununuzi hakurudisha hata moja. Wakulima wote wamekwisha kulipwa. Tunataka mujue ni kazi ya nani. Tunafuata njia ya mpunga, tangu shamba mpaka soko, hatufuati vyeo.

Wamama 11 wa likilimba ya kupepeta, wakiongozwa na Mama E., walipepeta na kuchagua mawe siku tatu mbele ya mpunga kuingia depo. Mununuzi alifungua magunia 10 na kumwaga chini. Hakukuta mawe, na hakukata bei.

Mama A. alipima ukavu wa magunia yote kwa chupa na chumvi. Alikuta 14 yangali mabichi. Wenye magunia hawakupenda, lakini alikataa kuyapokea mpaka yalipokaushwa tena siku mbili. Hakuna gunia lililopata ukungu.

Papa B. alijaribu mizani mbele ya siku ya kwanza ya kupima. Alitundika bido ya maji ya lita 20, yenye uzito wa kilo 21 pamoja na bido yenyewe. Mizani ikaonyesha 19. Alitundika bido mbili, kilo 42, ikaonyesha 40. Aliirekebisha sindano. Bila hiyo, kila gunia lingehesabiwa kilo 2 chini, ni kusema kilo 240 za wakulima kwa magunia yote.

Kijana C. na wenzake watano walikata miti na kutengeneza daraja lililovunjika, halafu wakatandika miti chini ya magunia ndani ya kamio na kufunika juu kwa shitingi. Mvua ilinyesha njiani. Magunia yalifika makavu.

Mama D., sekreteri wetu, aliandika namba juu ya kila gunia na namba ileile katika daftari. Siku ya kulipa, kila mukulima aliona gunia lake na uzito wake. Malipo yaliisha kwa siku mbili na hakukuwa ugomvi.

Papa F., prezida, alizungukia wanunuzi watatu Kindu mbele ya kukubali bei, na akachagua yule aliyekubali kupima kwa mizani yetu.

Agronomu wa shirika alitufundisha njia ya chupa na chumvi mwaka uliopita, Mama A. ndiye aliyeishika na kuitumia.

Chama chochote kinachotaka kujua kupima ukavu ao kujaribu mizani, kitume mutu. Mama A. na Papa B. wamekubali kufundisha.

Kwa jina la komite, Mama D., sekreteri.»

Tuitazame pamoja

Angalia kwanza mstari wa Objet. Mutu wa biro anapokea barua nyingi, na nyingine zinaandikwa tu «Félicitations» ao «Information». Hiyo haimwambii kitu. Ukiweka hesabu na matokeo pale juu, atajua habari hata mbele ya kufungua, na mwezi wa kumi akitafuta atapata.

Angalia pili mupango wa majina. Katika desturi yetu mukubwa hatajwi nyuma ya mutoto, na barua inayoanza na likilimba ya wamama na kumaliza na prezida inaweza kuleta maneno. Dawa yake iko katika sentensi moja: «Tunafuata njia ya mpunga.» Kila mutu anaelewa kwamba kupepeta kunakuja mbele ya kupima, na kupima mbele ya kuuza. Prezida hakushushwa, kazi yake njo ilikuja mwisho. Lakini umuonyeshe barua mbele ya kuituma, asiikute kwa watu.

Angalia tatu wale wamama 11. Kazi iliyofanywa na wengi haigawanyiki mutu kwa mutu, na ukijaribu kutaja mumoja mumoja ndani ya barua utachosha musomaji na utasahau wawili. Taja kikundi kwa jina lake, hesabu ya watu wake, na anayekiongoza, halafu weka majina yote 11 kwenye karatasi moja, uipige foto, na uiambatanishe na barua. Hapo hakuna aliyepotea.

Angalia ine namna barua inavyosema juu ya agronomu wa shirika. Barua nyingi zinazoenda kwa wafadhili zinamwaga sifa zote kwa mufadhili, kama vile wakulima hawakufanya kitu. Hapa kila mumoja amepata sehemu yake: agronomu alifundisha, Mama A. alitenda. Sifa ya kweli kwa mufadhili inamuonyesha somo lake lilishikwa na nani.

Mwisho, angalia kwamba barua haisemi kosa la mutu yeyote. Wenye yale magunia 14 hawakutajwa. Kama kuko memba aliyeleta mpunga mubichi kwa makusudi, jambo lake ni la mukutano wa komite. Barua ya furaha si pahali pa kuhukumu, na hata kumpiga mutu kwa sifa za mwenzake, kama «tofauti na wengine, Papa B. hakulala», ni kosa lilelile.

Kwa nini kipimo cha Mama A. kina maana

Wengine watauliza kama ni lazima kuandika habari ya chupa na chumvi katika barua ya shukrani. Tufafanue, maana hapa njo sifa inageuka somo.

Mpunga wa kuweka depo unapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 14. Ukizidi, magunia yanapata joto ndani, ukungu unaingia, na mchele unageuka rangi. Mashini ya kupimia unyevu ni ghali. Lakini chupa ya kioo iliyo kavu inasaidia. Unatia chumvi iliyokaushwa vizuri, unaongeza mpunga mpaka fungu la tatu la chupa, unafunga, unatikisa kwa nguvu, na unangoja karibu dakika 15. Chumvi ikishikamana na kioo, mpunga ungali mubichi. Ikianguka chini bila kushikamana, umekaribia kufaa. Wazee wanauma punje kwa meno: ikipasuka kwa sauti ni kavu, ikibonyea ni mbichi. Njia hizo mbili zinaenda pamoja, maana chupa inakuambia tu kwamba unyevu uko juu ya asilimia 15 hivi. Haikupatii hesabu kamili.

Barua ingesema tu «Mama A. alisimamia ubora», ujuzi huu wote ungebaki kichwani mwake. Msimu ukija, komite mpya ingeweza kumuweka mutu mwengine kwenye mlango wa depo, kwa kudhani kwamba kazi yake ilikuwa kusimama na kuhesabu. Magunia mabichi yangeingia, na hakuna angejua nini kimebadilika. Barua yenye kutaja kazi inalinda depo yenu.

Mambo ya kutoandika

Barua pepe inatoka mkononi mwako na inatembea. Aliyeipokea anaweza kuipitisha kwa wengine, na wengine kwa wengine tena. Katika sehemu zetu hilo si jambo dogo. Usiandike jumla ya franga ulizoleta kutoka Kindu, nani alizibeba, alipitia njia gani, ao zinalala nyumba gani. Sifa ya mweka-hazina iwe juu ya hesabu yake, si juu ya safari yake na mufuko. «Papa G. alimaliza malipo ya wakulima wote na daftari ikakubaliana mpaka franga ya mwisho» inatosha. Kiasi cha franga kipeleke katika ripoti ya hesabu, kwa wale wenye haki ya kuiona tu.

Ngojeni pia mpaka wakulima wamekwisha kulipwa. Barua ya furaha inayotumwa wakati watu wangali wanangoja franga zao inaleta hasira, na wana haki.

Tena, omba ruhusa. Kuko mutu asiyetaka jina lake lisikike mbali, kwa sababu za jamaa, za madeni ao za usalama. Akikataa, andika kazi yake bila jina: «memba mumoja wa kijiji cha pili alikopesha shitingi zake sita». Kazi itajulikana na yeye atabaki na amani.

Kusoma rasimu mbele ya kutuma

Mbele ya kubonyeza, soma rasimu kwa sauti mbele ya watu watatu: mumoja wa komite ya usimamizi, mumoja wa tume ya uangalizi, na mumoja wa wale waliofanya kazi ya mikono. Sheria ya OHADA juu ya vyama vya ushirika, iliyopitishwa Lome mwezi wa 12 mwaka 2010, na ambayo inaendesha vyama vyetu tangu Kongo ilipoingia OHADA mwaka 2012, inajua vyombo hivyo viwili katika ushirika mudogo. Komite inaendesha, tume inaangalia. Kwa hiyo memba wa tume akisikia «magunia 120», atafungua daftari na kuhakikisha. Yule wa kazi ya mikono atakuambia ni nani amesahaulika. Mara nyingi ni santineli, ao yule aliyepika chakula siku za kupakia.

Kama mumegundua mutu amesahaulika kisha barua kwenda, usiandike barua mpya yenye maelezo marefu. Fungua ileile, bonyeza «Répondre à tous», na uandike sentensi yake yenye mafungu matatu kama zile za wengine. Sentensi hiyo iwe na uzito sawa, isiwe kama kitu kilichookotwa njiani.

Nani apokee, na namna gani wengine wasikie

Katika nafasi ya «À» tia wale unaowaandikia: shirika, inspeksyo, vyama vya jirani. Katika «Cc» tia wale waliotajwa ndani ya barua ambao wako na anwani, ili waone kwamba wametajwa mbele ya wakubwa. Hapa usitumie «Cci», maana inaficha majina ya wapokeaji, na furaha hii haina sababu ya kufichwa.

Lakini tuseme ukweli: wengi wa wanachama hawana barua pepe, na kule mashambani rezo inakuja na kuenda. Ukiandika pahali pasipo rezo, barua inaweza kukaa katika «Boîte d'envoi» siku nzima bila kutoka. Ukifika pahali pa rezo, fungua na uhakikishe kwamba imehamia katika «Messages envoyés», usidhani tu. Foto nzito ya karatasi ya majina njo inazuia mara nyingi. Ipunguze ukubwa, ao andika majina chini ya barua.

Halafu barua isomwe kwa sauti. Siku ya mukutano wa wanachama, Mama D. asimame na kusoma yote kama ilivyotumwa, bila kuruka jina. Njo maana tunashauri iandikwe kwa Kiswahili. Kama biro moja inataka Kifaransa, weka mistari miwili ya Kifaransa pale juu yenye tarehe, magunia na matokeo, na uache mwili wa barua katika lugha ambayo Mama A. ataisikia na kuielewa. Nakala moja ichapwe Kindu mutu akienda huko, na ibandikwe ndani ya daftari ya msimu. Mwaka ujao, mukianza kugawanya kazi, mutafungua karatasi ile mbele ya kuchagua nani asimame mlangoni mwa depo.

Zoezi kwa ushirika wenu

Chukueni kazi ya mwisho iliyowaendea vizuri, hata ndogo: miche iliyofika salama, karanga zilizouzwa, barabara ya shamba iliyofyekwa. Sekreteri azungukie watu watano kwa yale maulizo mawili. Kila jina lipate sentensi moja yenye mafungu matatu. Halafu someni mbele ya watu watatu, mukatoe kila neno ambalo lingeweza kusemwa juu ya mutu yeyote: bidii, moyo, kujitoa. Kile kinachobaki njo barua yenu. Kikiwa kifupi sana, rudini kwenye daftari: kuko mutu bado hamujamuuliza.